Kwa Nini Mbuta Hufa kwa Kukosa Pumzi na Kamongo Hupona: Hotuba ya Majanji

(Maneno haya yalisemwa Majanji, wilayani Busia nchini Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, mbele ya wavuvi, wafugaji wa samaki na wachuuzi. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu wavuvi, vijana wa mabwawa, na majirani zetu mliovuka mpaka kutoka upande wa Kenya: hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie pumzi ya samaki. Nitaanza na swali ambalo kila mtu hapa ana haki ya kuuliza. Ngege akiwa majini anaishi. Ukimtoa ukamweka juu ya mbao za mtumbwi, anatupatupa, anafungua kinywa, anafunga, na baada ya muda amekufa. Amekufa kwa kukosa oksijeni. Lakini hewa iliyomzunguka pale mtumbwini ina oksijeni nyingi kuliko maji aliyotoka! Basi imekuwaje? Amekufaje njaa ndani ya ghala?

Tuangalie ghala lenyewe kwanza. Chukua maji ya ziwa letu, lita 1,000, yaani tangi la kawaida la plastiki. Maji hayo yakiwa safi, yamepigwa na upepo vizuri, yamebeba oksijeni ya gramu 7 au 8 tu. Chukua hewa, nayo lita 1,000. Humo mna zaidi ya gramu 200. Hewa inayazidi maji mara 30 hivi. Sasa ongeza uzito. Yale maji ni tani nzima. Ile hewa haifiki hata kilo moja na nusu. Kwa hiyo samaki anasukuma tani nzima ya kitu kizito apate gramu 7, nasi tunavuta kitu chepesi ambacho hata hatuhisi uzito wake, tukapata gramu 200. Samaki anaishi katika umaskini wa oksijeni, siku zote za maisha yake. Shikeni hilo, kwa sababu kila kitu nitakachosema leo kinatoka hapo.

Naomba yule ngege aliyevuliwa asubuhi. Asante, mama.

Inueni kifuniko cha shavu hivi, kwa kidole gumba. Mnaona wekundu? Hayo ndiyo matamvua. Kila upande kuna matao manne ya mfupa laini. Kila tao limeota nyuzi nyekundu kwa safu mbili. Hapo ndipo macho yetu yanapokomea, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza, maana juu ya kila uzi kumepangwa visahani vidogo sana, vyembamba sana, mamia kwa mamia, na ndani ya kila kisahani damu inapita karibu mno na maji. Kati ya damu na maji kuna utando tu, mwembamba kuliko karatasi yoyote mliyowahi kushika. Oksijeni inapenya utando huo inaingia kwenye damu. Hewa chafu ya mwilini inapenya kwenda nje. Hata amonia, ile sumu ambayo sisi tunaigeuza na kuitoa kwa mkojo, samaki huitoa sehemu kubwa hapo hapo kwenye matamvua.

Sasa tazameni beseni hili. Nakata tao moja, naliweka ndani ya maji. Mnaona nyuzi zinavyotawanyika, kila mmoja peke yake? Nalitoa nje. Zimeshikana zote, zimekuwa bonge moja. Narudisha majini, zinafunguka. Natoa tena, bonge. Ndugu zangu, hilo ndilo jibu la swali letu. Matamvua hayana mifupa yenye nguvu ya kuyasimamisha hewani. Maji ndiyo yanayoyabeba. Yakitoka nje yanalala moja juu ya jingine, na ule uwanja mpana wa kupokea oksijeni unageuka kuwa kipande kidogo cha nyama yenye unyevu, tena kinachokauka. Hewa ni tele, lakini mlango umefungwa.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu matamvua ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote, na naomba mnivumilie kidogo. Maji hupita kati ya vile visahani yakielekea upande mmoja. Damu, ndani ya visahani, huelekea upande wa pili. Zinapishana. Kwa nini zipishane? Kwa sababu oksijeni huhama kutoka penye nyingi kwenda penye chache, haihami kinyume chake. Kama damu na maji vingeongozana, vingeanza kwa pengo kubwa, kisha vingelingana katikati, na uhamaji ungesimama: nusu imechukuliwa, nusu imepotea. Lakini vikipishana, damu iliyokwisha kujaa inapokaribia kutoka hukutana na maji mapya yanayoingia, ambayo yamejaa zaidi yake, kwa hiyo bado inaongezewa. Na yale maji yaliyokwisha kunyang'anywa karibu yote hukutana na damu iliyorudi tupu kutoka mwilini, kwa hiyo bado yananyang'anywa. Hakuna mahali ambapo vinalingana. Ndiyo maana samaki wengine huweza kuchukua hadi asilimia 80 ya oksijeni iliyomo katika maji yanayopita. Mapafu yangu na yako huchukua kama robo tu ya ile tunayovuta.

Je, mnaona maana yake? Matamvua hayana uzembe. Yanachukua karibu kila kinachopatikana. Kwa hiyo maji yakiishiwa, samaki hana akiba ya ustadi ya kuongeza. Anaweza kufungua kinywa haraka zaidi, anaweza kupiga vifuniko vya mashavu haraka zaidi, na kila pigo linamgharimu oksijeni ile ile anayoitafuta. Kisichokuwamo majini hakichukuliki.

Na hapo tunafika kwenye mwisho wa mwaka 2020.

Mnakumbuka. Mwishoni mwa Desemba ile na kuingia Januari 2021, mbuta walianza kuelea wamekufa, Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga. Mbuta wakubwa! Watu wakasema ni sumu. Wengine wakakataa kula samaki, na wachuuzi mliopo hapa mnajua soko lilivyokuwa. Maofisa wa uvuvi walipima maji na wakaeleza kwamba oksijeni ilikuwa imeshuka, baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Wengi hawakuridhika. Dhoruba si huchanganya hewa na maji? Si ilipaswa kuongeza oksijeni?

Swali zuri, na jibu lake liko chini ya ziwa. Maji ya juu hupata jua na upepo, hupashwa joto, huwa mepesi. Maji ya chini hubaki baridi kidogo na mazito, hayapandi. Kila kinachokufa juu, mwani, majani, kinyesi, huzama na kuoza kule chini, na kuoza hula oksijeni. Ziwa letu limepokea mbolea na uchafu kwa miaka mingi, mwani umeongezeka, na uozo wa chini umeongezeka pamoja nao. Kwa hiyo chini kunalala tabaka la maji ambalo halina oksijeni, au limebakiwa na kidogo mno. Dhoruba kali ikija, tabaka hilo linapandishwa juu kwa ghafla, pamoja na matope yenye uozo unaoendelea kula oksijeni. Samaki aliyekuwa kwenye maji mazuri saa moja iliyopita anajikuta ndani ya maji matupu, wala hajui akimbilie wapi.

Lakini mbona walikuwa mbuta hasa? Mbuta ni samaki wa maji ya wazi yenye oksijeni nzuri, mwili wake unadai nyingi, na maji yakianza kupungukiwa yeye huteseka huku ngege bado anavumilia. Akina mama mnaouza mabondo mnajua kwamba ndani ya mbuta kuna mfuko mkubwa wenye gesi. Mfuko huo una undugu wa kale na mapafu. Lakini kwa mbuta umefungwa: hauna njia ya kutoka kinywani, hawezi kuujaza kwa kumeza hewa. Unamsaidia kuelea tu. Mbuta anakufa kwa kukosa pumzi huku amebeba mfuko wa gesi tumboni.

Na nkejje, wale wadogo tunaowaanika? Udhaifu huu wa mbuta ulikuwa bahati yao. Mbuta alipoletwa maziwani akawamaliza wengi, baadhi yao walisalia ndani ya mafunjo. Kule Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ndani ya mafunjo kuna kivuli, upepo haufiki, uozo ni mwingi, oksijeni ni ndogo mno. Mbuta hawezi kuingia akakaa. Nkejje anaingia. Anapandisha kinywa hadi juu kabisa na kuvuta ule utando wa maji unaogusana na hewa, unene wa milimita chache, ambao daima una oksijeni kuliko maji ya chini yake. Na nkejje wa mafunjoni wameonekana kuwa na matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi. Kwa hiyo anayekata mafunjo ya pembeni mwa ziwa apate shamba, ajue kwamba anabomoa nyumba ambayo mwindaji hawezi kuiingia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wafugaji wengi mnapopotea. Nkejje yule hapumui hewa. Bado anapumua maji, ila amechagua maji ya juu kabisa. Ngege wenu bwawani hufanya hivyo hivyo. Kumeza hewa yenyewe ni jambo lingine kabisa, na wapo wawili mnaowajua wanaolifanya: kambare na kamongo.

Mpasueni kambare kichwa, juu ya matamvua, mtakuta vyumba viwili, kushoto na kulia. Ndani ya kila chumba mna matawi mekundu yaliyochipua kutoka kwenye matao ya matamvua, magumu kidogo ukiyagusa. Ugumu huo ndio siri. Mnakumbuka nyuzi za ngege zilivyolala zilipotoka majini? Matawi ya kambare hayalali. Yamesimama ndani ya hewa, damu inapita juu juu, oksijeni inaingia. Kambare anapanda, anameza hewa, anashuka, na hewa iliyotumika inatokea nyuma ya vifuniko vya mashavu. Ana matamvua pia, hivyo katika maji mazuri anaweza kukaa chini muda mrefu. Maji yakiharibika, anapanda mara nyingi zaidi. Na usiku wa mvua, nyasi zikiwa zimelowa, mnamkuta anatambaa kutoka dimbwi hadi dimbwi.

Kamongo amekwenda mbali zaidi. Yeye ana mapafu, mapafu ya kweli, mawili, yanayofunguka kwenye koo. Akishakua, matamvua yake yamedhoofika, na karibu asilimia 90 ya oksijeni yake inatoka hewani. Hana hiari. Wavuvi wa ndoano mnajua: kamongo akinaswa kwenye mshipi mfupi asiweze kufika juu, asubuhi mnamkuta amekufa, na maji hayana kasoro yoyote. Amezama, kama ambavyo mtu angezama. Lakini msidhani matamvua yale yamebaki ya bure. Hewa chafu, ile kabonidayoksaidi, sehemu kubwa anaitoa majini kupitia matamvua na ngozi, kwa sababu huyeyuka majini kwa urahisi sana. Anaingiza kwa njia moja na kutoa kwa nyingine. Watoto wake wanaanza maisha na matamvua ya nje, yanayoning'inia pembeni mwa kichwa, baba akiwalinda kiotani. Na pale dimbwi linapokauka, kamongo huchimba matopeni, hujifunika ute unaokauka ukawa ganda, huacha tundu mbele ya kinywa, na huvuta hewa polepole kwa miezi mingi, akiila misuli yake mwenyewe, mpaka mvua irudi. Aliye katikati ya ziwa kubwa hana haja hiyo, na kwa kawaida hafanyi.

Basi mtu atauliza: kama hewa ina oksijeni mara 30, na kama mapafu yapo tangu kale, mbona samaki wote hawapandi kupumua hewa?

Nendeni Mabamba, yale mafunjo makubwa upande wa magharibi wa Entebbe. Pale anakaa bulwe, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana mzito. Watalii wanatoka mbali kumwona. Bulwe hasumbuki kumkimbiza kamongo. Anasimama. Anasimama tu, bila kutikisika, juu ya majani yanayoelea, akitazama uwazi mmoja wa maji. Kamongo yuko chini, haonekani, maji ni meusi. Lakini bulwe hahitaji kumwona sasa, kwa maana kamongo lazima apande. Dakika zinapita. Kichwa kinatokea, kinywa kinafunguka, na bulwe anajiangusha kwa uzito wake wote.

Hiyo ndiyo bei ya hewa. Kila pumzi ni safari ya kupanda na kushuka inayokula nguvu na muda wa kutafuta chakula, na kila pumzi inamweka samaki mbele ya mdomo wa mtu mwingine. Penye maji mazuri bei hiyo haina faida, ndiyo maana mbuta hailipi. Penye mafunjo na madimbwi, asiyeilipa hafiki asubuhi.

Sasa vijana wa mabwawa, nimewafikia.

Tuchukue bwawa la mita 20 kwa 25, kina mita moja. Ni maji ya lita 500,000. Lina ngege wa kilo 400 kwa jumla. Maji ni ya kijani, mwani umestawi. Mchana wa jua, mwani unatengeneza oksijeni. Jioni saa 12, tuseme kila lita 1,000 zina gramu 8. Bwawa zima lina kilo 4. Jua likizama, mwani unaacha kutengeneza na unaanza kula, sawasawa na samaki. Ngege wale watatumia kama gramu 100 kwa saa. Mwani na matope ya chini, tuseme gramu 125. Jumla gramu 225 kwa saa. Kwa saa 12 za usiku ni kilo 2 na gramu 700. Asubuhi imebaki kilo moja na gramu 300. Ni kidogo, lakini wamepona.

Siku inayofuata mawingu yanatanda toka asubuhi. Mwani haukupata jua. Jioni kila lita 1,000 zina gramu 5, bwawa zima kilo mbili na nusu. Gawanyeni wenyewe kwa gramu 225. Saa 11! Oksijeni imekwisha saa 11 alfajiri, saa moja kabla ya mapambazuko. Ni kweli, kidogo huingia kutoka juu, na samaki aliyebanwa hupunguza matumizi. Lakini mnaona ni kwa nini ngege hufa alfajiri, si mchana, na hufa baada ya siku ya mawingu?

Mfugaji mmoja alinieleza kwamba alifika bwawani alfajiri akawaona ngege wote juu, vinywa wazi. Akafurahi, akasema leo wana njaa, akawamwagia chakula. Hawakula. Chakula kikazama kikaanza kuoza, kikala oksijeni iliyobaki. Saa tatu wakubwa walikuwa wameanza kuelea ubavu, vinywa wazi na vifuniko vya mashavu vimetanuka, huku wadogo wengi wangali hai.

Mtamtofautishaje mwenye njaa na mwenye kukosa pumzi? Pigeni makofi. Samaki mzima atazama mara moja. Aliyebanwa atabaki pale pale, au atazama kidogo na kurudi. Msimpe chakula. Ingizeni maji mapya kama mnayo. Kama hamna, pampu ivute maji ya bwawa na kuyarusha juu yaanguke kwa kutawanyika, tena pampu iyavute karibu na juu, msikoroge matope. Mbolea na samadi zisimame mpaka maji yapungue ukijani.

Kwa kambare alama ni nyingine. Kambare anapanda mmoja mmoja, anameza, anashuka kwa nguvu: huyo ni mzima, msihangaike. Mkiwaona wanapanda mfululizo, wengi kwa wakati mmoja, maji yameharibika. Na mnapowasafirisha, msijaze mapipa mpaka juu. Mama mmoja aliwajaza kambare ndani ya madumu, akaongeza maji mpaka kwenye kizibo akidhani anawasaidia, akafunga. Walisongamana, oksijeni ya maji ikaisha njiani, na hewa haikuwapo hata kidogo. Acheni nafasi ya hewa ambayo kila samaki anaweza kuifikia, na vifuniko viwe na matundu.

Jambo la mwisho linawahusu wanaozalisha vifaranga. Kifaranga wa kambare anapoanguliwa hana yale matawi mekundu. Hukua katika wiki za kwanza. Mpaka hapo anategemea matamvua machanga na ngozi, hawezi kumeza hewa akapona. Kwa hiyo maji yale ambayo mama yake anayavumilia bila shida yatamuua yeye kwa usiku mmoja. Beseni la vifaranga litiririshwe maji usiku kucha, mpaka mtakapowaona wenyewe wanaanza kupanda juu na kumeza.

Naona mikono imeinuliwa kule nyuma. Karibuni na maswali.